Mjadala: Bodi ya ushirika ipelekewe slaidi za kusoma yenyewe, au ripoti?

Katibu, Masaka: "Kwenye ushirika wetu wa kahawa, wajumbe wa bodi hawafiki wote kikaoni. Wengine wanataka hoja zitumwe kwa barua pepe zikiwa slaidi, kila mtu asome peke yake kisha apige kura. Wengine wanasema huo ni uvivu, iandikwe ripoti. Mnasemaje?"

Mwandaaji wa machapisho, Kampala: Slaidi zinaweza, ila si zile za ukumbini. Pale ukumbini msemaji ndiye anayejaza mapengo. Kwenye barua pepe hayupo. Kwa hiyo kila ukurasa ubebe hoja moja, na kichwa chake kiwe sentensi kamili. "Ukaushaji wa kahawa" haisemi kitu. Andika: "Turubai 40 na vipimaunyevu 2 vitagharimu shilingi 6,000,000, tunaomba bodi iidhinishe."

Chini yake weka maneno kama 80 hadi 120, kwa aya fupi: kahawa inarudishwa na wanunuzi kwa nini, nani atatunza vifaa, itakuwaje bodi ikikataa. Kando weka jedwali dogo: turubai 40 kwa 90,000 ni 3,600,000, vipimaunyevu 2 kwa 1,200,000 ni 2,400,000. Bei hizo ni za mfano tu, lakini msomaji lazima aweze kujumlisha mwenyewe afike kwenye ile 6,000,000 ya kichwani. Asipoifikia, atapiga simu, na kazi ya slaidi imeshindikana. Chini kabisa andika takwimu zimetoka daftari gani na la msimu gani.

Mwalimu, Gulu: Maneno 120! Sisi tunafundisha mistari sita, maneno sita kila mstari. Aliyekaa nyuma ataona nini?

Mwandaaji wa machapisho, Kampala: Mwalimu, hapa hakuna wa nyuma. Kanuni yako ni ya projekta.

Mhasibu, Jinja: Njia rahisi ipo: acha slaidi fupi, maelezo yote yaandike kwenye sehemu ya Notes ya PowerPoint. Faili moja, kazi mbili.

Mwandaaji wa machapisho, Kampala: Ndugu mhasibu, nusu ya hilo ni kweli. Ukihifadhi PDF kwa njia ya kawaida, Notes hazitoki kabisa; mjumbe anapata vichwa vitupu. Inabidi ufungue Options wakati wa kuhifadhi, uchague Notes pages. Hapo maelezo yanatoka, lakini slaidi inabanwa nusu ya juu ya ukurasa na jedwali lako linakuwa la kukodolea macho. Na ukituma PPTX yenyewe, fonti isiyokuwemo kwenye simu ya mjumbe hubadilishwa, mistari ikamwagika nje ya kisanduku. Tuma PDF.

Ila kabla ya hapo ondoa vitu vinavyotokea na kupotea kwa kubofya. Kwenye PDF vyote huonekana kwa pamoja, kimoja juu ya kingine, na hilo hulioni ukiendesha onyesho la slaidi; fungua faili lililokwisha kuhifadhiwa ulikague.

Mfugaji, Mbarara: Sisi wa maziwa tulitumiwa PDF ya namna hiyo. Kwenye simu nilivuta kushoto, nikavuta kulia, nikaacha.

Mwandaaji wa machapisho, Kampala: Malalamiko hayo ni ya haki. Slaidi ya kawaida ya PowerPoint ina upana wa sentimita 33.87. Simu ikishikwa wima ina kama 7, kwa hiyo kila kitu hupungua hadi sehemu ya tano hivi: herufi za pointi 12 zinakuwa kama za 2.5. Hata ukilaza simu hazifiki 6. Ukijua wengi watasomea simu, nenda Design, Slide Size, Custom Slide Size, uweke upana wa sentimita 12 na urefu wa 21, herufi pointi 14. Zitaonekana kama za pointi 8, zinasomeka bila kuvuta. Maneno yatakayoingia ni machache zaidi, basi gawa hoja kurasa mbili.

Mchapaji, Nasser Road: Halafu mzee wa bodi anakuja kwangu kuchapa. Ukurasa huo mwembamba kwenye A4 unaacha weupe pande mbili, na kurasa zimekuwa mara mbili. Anayelipa wino ni nani?

Mhasibu, Jinja: Basi ndiyo nasema, ripoti ya kurasa tatu inasomeka kote.

Mwandaaji wa machapisho, Kampala: Kama hoja ni maneno matupu bila jedwali wala grafu, nakubali, andika ripoti. Slaidi zinafaa pale mjumbe anapolinganisha tarakimu na maelezo kwa jicho moja. Katibu, kabla ya kutuma, soma vichwa peke yake kwa mfuatano. Visipofika kwenye ombi lako, tatizo haliko kwenye aina ya faili.

Katibu, Masaka: Wajumbe watano wana simu, wanne wanataka karatasi. Nitengeneze mbili?

Mchapaji, Nasser Road: Ukitengeneza mbili, bei ikibadilika utasahau kurekebisha moja.