Jina lake nililiona kwenye rejista ya madaktari kwa macho yangu, na bado mama yangu kalazwa

Wakuu, niko Mwanga, Kigoma. Jumanne usiku tumemkimbiza mama hospitali ya mkoa akiwa hajitambui vizuri, midomo imekauka, anaomba maji kila dakika. Kipimo cha sukari kikasoma 26.4. Ana kisukari mwaka wa tisa huu na siku zake mbaya kabisa hucheza kwenye 13 au 14.

Chanzo ni tovuti moja ya matibabu kwa simu. Sitaitaja jina, jambo limeshafika polisi. Ukiifungua unakuta picha ya mwanaume wa makamo, koti jeupe, kipimo shingoni, imeandikwa "daktari bingwa wa kisukari na homoni". Chini yake majina matatu kamili, namba ya usajili ya Baraza la Madaktari Tanganyika, na picha ya cheti chenyewe.

Nisikilizeni hapa kwanza kabla hamjaniita mjinga. Sikukurupuka. Niliingia mwenyewe mct.go.tz, nikaandika anwani kwa mkono wangu, sikubonyeza kiungo chao. Nikamtafuta. Majina matatu yakalingana, namba ikalingana. Nikamgeukia mama nikamwambia, "Mama, huyu ni daktari wa kweli." Maneno hayo nimeyasema mimi, na ndiyo yananikosesha usingizi.

Tukalipa 35,000 ya maongezi, kisha 180,000 ya dawa. "Daktari" akamwambia mama aache metformin kwa sababu "inapigana na dawa yetu". Dawa ikaja kwa basi: pakiti nne za unga wa kahawia, mdomo wa pakiti umeunguzwa kwa mshumaa kama ubuyu wa shule. Hakuna jina la dawa, hakuna tarehe, hakuna kitu. Siku ya tisa mama akaanguka.

Wodini daktari wa zamu akaniomba aione hiyo tovuti. Akakaa kimya, halafu akasema, "Huyu jamaa namfahamu, tulikuwa naye intani. Hii sura si yake." Akampigia palepale. Daktari mwenyewe yupo, anafanya kazi hospitali ya mkoa mwingine, hajawahi kuwa na tovuti, na wala si bingwa. Cheti ni chake kweli. Anadhani kilivuja kwenye barua za kuombea kazi alizotuma miaka ya nyuma.

Sasa malalamiko yangu ni haya. Kila mahali tunaambiwa "hakikisha daktari yuko kwenye rejista". Nimehakikisha! Yuko! Kumbe hiyo ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki hakuna anayetuambia. Nilikosea wapi?

Jirani wa Kibirizi: Pole sana ndugu yangu, Mungu amponye mama. Ila kosa lako ni hukuangalia BRELA. Kampuni ya kweli lazima iwe imesajiliwa. Na uangalie kile kifufuli juu ya skrini, kama hakipo ujue matapeli.

Mleta uzi: Kifufuli kilikuwepo. Kampuni nimeiangalia jana na ipo, biashara yake ni kuuza bidhaa kwa jumla na rejareja.

Mfawidhi Mstaafu: Poleni sana na mgonjwa. Nimekuwa mganga mfawidhi miaka mingi, wilaya mbili za mkoa huu, kwa hiyo niseme ninachokijua.

Jirani, BRELA inakuambia kuna kampuni. Haikuambii kama ndani ya kampuni hiyo kuna mtu anayeruhusiwa kumtibu binadamu. Na kifufuli maana yake ni kwamba unayoandika hayasomwi njiani, hata tapeli anakipata bure.

Mleta uzi, hukukosea kuanzia kwenye rejista, na kuandika anwani mwenyewe ndiko kunakotakiwa, maana kiungo chao kingeweza kukupeleka kwenye rejista ya kughushi. Ila rejista inajibu swali moja tu: je, kuna mtu mwenye jina hili aliyesajiliwa kama daktari? Haijui ana tovuti gani wala namba gani ya simu. Ukiliona jina, umejua kwamba daktari huyo yupo duniani. Bado hujajua kama ndiye unayeongea naye.

Kuunganisha hivyo viwili kunataka urudi kinyumenyume. Uliza daktari huyo anafanya kazi kituo gani. Kituo hicho kitafute kwenye rejista ya vituo vya afya ya Wizara, uone kipo halmashauri gani, ni cha ngazi gani na kama kinafanya kazi. Kisha tafuta simu ya kituo kwa njia yako, si ile iliyoandikwa kwenye tovuti yao, au mtume ndugu aliye karibu aende mapokezi. Swali ni fupi: "Daktari fulani yupo hapa? Na tovuti hii ni yake?" Alichokifanya yule daktari wa zamu wodini kwa simu moja ndicho hicho. Na tovuti ikikataa kutaja kituo, ishia hapo, usitume hela.

Kuna jambo la pili ulikuwa nalo mkononi. Ulipolipata jina, kiwango cha usajili kiliandikwaje?

Mleta uzi: Shikamoo mzee. Nimerudi kuangalia sasa hivi. Ni daktari tu. Ubingwa haumo. Siku ile macho yangu yalikuwa kwenye jina na namba, basi.

Mfawidhi Mstaafu: Marahaba. Umeona sasa. Daktari bingwa husajiliwa na Baraza kwa ubingwa wake, hajitangazii tu. Tovuti ikidai bingwa na rejista ikasema daktari, mmoja kati yao anadanganya, na si rejista. Tena cheti cha usajili mtu anakipata mara moja, kinakaa ukutani maisha yake yote. Leseni ya kufanyia kazi ni kitu kingine, hiyo inalipiwa ada na kuhuishwa. Ndiyo maana matapeli wanapenda kuonyesha cheti. Waombe leseni ya mwaka huu uone watakavyozunguka.

Mama Baraka, Nzega: Samahanini, mimi mwanangu anafanya intani mwaka huu, nimemtafuta huko mtandaoni simwoni kwenye madaktari. Mnataka kusema mwanangu ni tapeli? Nimemsomesha kwa kuuza mpunga!

Mfawidhi Mstaafu: Hapana mama, hakuna aliyesema hivyo, na hongera kwa malezi. Mwanao kwa sasa ana usajili wa awali, wa kumalizia mafunzo kwa vitendo chini ya madaktari wakubwa ndani ya hospitali. Akimaliza ndipo anaomba usajili kamili. Lakini ukikuta tovuti inayotibu watu kwa simu, na daktari wake peke yake ana usajili wa awali, hapo kuna tatizo, kwa sababu huyo haruhusiwi kufanya kazi bila msimamizi.

Na kutoonekana si lazima kuwe ushahidi wa utapeli. Wanawake wengi wamesajiliwa kwa majina ya kabla ya ndoa. Na wengi tunaowaita madaktari huku zahanati ni matabibu. Hao tangu sheria ya 2017 wako chini ya Baraza hilohilo, ila hawamo kwenye kundi la madaktari. Wauguzi wana baraza lao, wafamasia lao, na waganga wa tiba asili lao.

Mha wa Kasulu: Hapo kwa tiba asili umenigusa mzee. Mjomba alitibiwa mguu na mtu mwenye cheti cha baraza, fremu kubwa ukutani, tukamwita dokta miezi mitatu. Kumbe ni cheti cha tiba asili. Mguu ulikatwa.

Mfawidhi Mstaafu: Pole sana. Cheti chake kinaweza kuwa halali kabisa kwa tiba asili, sheria yao ipo tangu 2002. Hakimfanyi daktari. Kwenye cheti chochote soma kwanza jina la baraza lililokitoa.

Fundi Simu Gungu: Mimi ya madaktari siyajui, ila tovuti naijua. Angalieni ilizaliwa lini. Kwenye kompyuta yenye programu ya whois:

```
whois jina-la-tovuti.com
```

Tafuta mstari ulioandikwa `Creation Date`. Mleta uzi alinitumia jina pembeni nikaangalia. Ukurasa wao unasema wanahudumia Watanzania tangu 2011, tovuti ina wiki saba. Na kaka, ulipokuwa unalipa, kabla ya kuweka namba ya siri simu ilikuletea jina gani?

Mleta uzi: Jina la mwanamke. Nilidhani ni mhasibu wao.

Fundi Simu Gungu: Basi hapo ulikuwa na majina mawili yasiyofanana mbele ya macho yako.

Jirani wa Kibirizi: Kwa hiyo tovuti ya zamani ni salama?

Fundi Simu Gungu: Hapana. Mtu anaweza kununua jina la zamani. Mimi nilikamata uongo wa tarehe tu, daktari siwezi kumkagua kwa whois.

Mfawidhi Mstaafu: Jina la kupokelea hela nalo si ushahidi kamili, vituo vidogo hutumia namba ya mmiliki. Lakini ni sababu ya kusimama na kuuliza.

Mleta uzi: Mzee, nimeenda polisi wameandika maelezo. Nikauliza kama Baraza litawaadhibu hawa watu, kila mmoja ananijibu lake.

Mfawidhi Mstaafu: Baraza linamwadhibu aliye kwenye rejista yake. Huyu wa kwenye picha hayumo, kwa hiyo kesi yake ni ya polisi, kujifanya daktari ni jinai. Lakini Baraza liandikieni hata hivyo, na aliyeibiwa jina aandike barua yake mwenyewe, maana asipoandika, malalamiko ya wagonjwa wote yatamfuata yeye. Mganga Mkuu wa Mkoa naye apewe nakala. Unga huo usiutupe, peleka TMDA pamoja na bahasha iliyokuja nayo. Kama hela itarudi, sitakudanganya, sijui.

Mha wa Kasulu: Wakuu, ile picha ya koti jeupe mleta uzi aliyonitumia, nimeikuta sasa hivi kwenye ukurasa mwingine. Sura ileile, jina jingine, namba ya usajili nyingine. Safari hii ni bingwa wa mifupa.

Mleta uzi: Nitumie kiungo sasa hivi tafadhali, na uipige picha skrini yote kabla hawajaifuta, anwani ya juu ionekane. Jina hilo la pili nalo lazima lina mwenyewe mahali fulani, na pengine hajui. Naanza kutafuta kituo anachofanyia kazi. Mama asubuhi hii amesoma 11.8 na amekula uji.