Wauza pembejeo Mwanjelwa, mbegu ikiisha semeni imeisha, msishike hela zetu halafu mzigo wetu mkauzia wengine

Mkulima_Inyala

Wakuu habari za jioni, nina hasira na nitaandika hivi hivi, mtanivumilia.

Tarehe 18 Novemba nimeshuka Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, kutafuta mbegu ya mahindi, ile inayochukua muda mrefu kukomaa tuliyoizoea sisi wa huku juu Inyala. Nalima eka mbili, eka moja inakula kama kilo 10, kwa hiyo nilitaka mifuko 10 ya kilo mbili mbili. Nikaenda duka ambalo nimenunua miaka minne mfululizo, jina silitaji. Dada wa kaunta akaniambia imeisha ila gari linaingia Jumamosi, "lipia kabisa baba tukuwekee, Jumamosi unakuja kubeba tu". Mfuko ulikuwa 14,000, nikatoa 140,000, jina langu likaandikwa kwenye kaunta buku na risiti nikapewa.

Sasa sikilizeni hapa. Siku hiyo hiyo duka la tatu kutoka pale mbegu ile ile ilikuwepo, wanauza 15,000. Niliiona kwa macho yangu. Nikapita zangu kwa sababu nina risiti mfukoni na nina ahadi ya Jumamosi.

Jumamosi napiga simu naambiwa kesho. Jumapili haipokelewi. Jumatatu gari liko Makambako, Jumanne gari limelala njiani. Jumatano tarehe 26 nikasema liwalo na liwe, nikapanda kosta, nafika pale saa tano asubuhi nakuta boda wawili wanafunga katoni kwenye keria. Ndani shelfu nyeupe. Gari limeshusha saa moja, mifuko 60, na ile 60 yote imeuzwa kwa waliokuwa wamesimama mlangoni, kwa 16,000!

Nikaomba lile daftari nilione. Mnajua kuna nini? Tuliolipia tuko 14, ukijumlisha ni mifuko 38, na hakuna hata jina moja lililokatwa mstari. Yaani hakuna aliyelifungua daftari asubuhi ile. Mama mmoja kutoka Igawilo kalipia mifuko miwili tu, jina lake la kwanza kabisa, tarehe 12.

Kwa hiyo wamepokea 60, 38 za watu walioshalipa, za kwao kuuza zilikuwa 22 basi. Wao wakauza 60. Halafu dada ananiambia chukua hii nyingine mzee, hii nayo ni ile ile. Sio ile ile! Ile ni ya ukanda wa chini, huku kwetu baridi na ukungu ule naijua itakavyofanya. Nikisema nirudishiwe hela naambiwa bosi yuko Dar nisubiri.

Majirani walipanda tarehe 21 mvua ilivyonyesha, wao wanasubiri kuchomoza tu. Mimi shamba limelimwa, jeupe. Naomba mnisaidie, duka likiishiwa linatakiwa kufanya nini na mteja? Maana naona kila mtu anajifanyia tu.

KijanaWaKabwe

Pole sana mkuu. Nenda TOSCI, hao watu wafungiwe.

Agroveti_Makambako

Pole mzee wangu. Kijana, TOSCI wanasimamia ubora wa mbegu, ingekuwa feki au haioti ndio ungeenda kwao. Hapa mbegu ilikuwa nzima, kilichovurugwa ni ahadi. Hela yake anaidai dukani akiwa na risiti, wakigoma aanzie serikali ya mtaa, na mambo ya mlaji kwa ujumla Tume ya Ushindani inayapokea.

Mimi ninalo duka la hivi hivi na nitasema ukweli, kosa hilo hata mimi nimewahi kulifanya. Linatokea hivi: mwenye duka anatazama shelfu anaona sifuri, anatazama karatasi ya oda anaona 60 zinakuja, kichwani kwake ana 60. Kumbe shelfu yake haiko sifuri, iko chini ya sifuri, anadaiwa mifuko 38. Gari likishusha 60 ile 38 haijawahi kuwa mali yake hata dakika moja. Hesabu ni iliyopo, jumlisha inayokuja, toa ya watu. Hiyo ya tatu ndio inasahaulika maana iko kwenye daftari lingine na aliyeandika siye anayepokea mzigo.

Kwangu siku hizi gari likifika hatufungui mlango wa mbele kwanza. Tunachukua daftari, tunahesabu ya waliolipia, tunaifunga kwenye viroba na kuandika majina kwa maka peni, tunapeleka chumba cha nyuma. Kinachobaki ndio kinapanda shelfu. Inachukua nusu saa. Na nampigia kila mmoja siku hiyo hiyo, asipokuja siku tatu nampigia tena kabla sijaigusa.

Stoo_Kubwa_Iringa

Mnazunguka sana. Dawa ni moja, jaza stoo mapema. Ukiwa na mzigo wa kutosha Oktoba hakuna mtu wa kusubirishwa wala kurudishwa. Duka linaloishiwa msimu wa kupanda halijui biashara.

Agroveti_Makambako

Umesema kweli nusu mkuu. Ingekuwa misumari ningekuunga mkono, msumari usipouzwa leo utauzwa Machi. Mbegu ukibakiwa nayo Januari umekwisha, msimu ujao uotaji umeshuka na mkulima anasoma tarehe kwenye mfuko. Chukulia mfuko unakuletea faida 2,000, ukibaki mpaka msimu upite unauza kwa hasara ya 6,000 au unautupa. Mfuko mmoja ukibaki umekula faida ya mitatu uliyouza. Kwa hesabu hiyo huwezi kujaza stoo umtosheleze kila atakayepita, lazima kuna siku utaishiwa, na ndio maana cha kumfanyia mteja siku hiyo kinatakiwa kipangwe kabla.

Ndio kinachoniuma kwenye kesi ya mzee. Ile 38 ilikuwa mifuko pekee kwenye gari zima ambayo duka liliiagiza bila kubahatisha. Mingine yote ni kubuni. Wakaichezea hiyo hiyo.

BajajiYaMafiati

Mimi yangu ni ya spea lakini ni mle mle. Bajaji ilikufa kebo ya klachi saa mbili asubuhi, duka nalonunuaga wakaniambia kesho asubuhi inakuja acha elfu tano. Sasa mimi kesho naisubirije wakati hesabu ya bosi ni leo? Nikavuka barabara nikanunua pengine na tangu siku hiyo hata oili nanunua kule kule. Yule hajui kama amenipoteza, anadhani nimesafiri.

Agroveti_Makambako

Huo mfano mzuri, maana wewe na mzee ni wateja tofauti. Wewe husubiri, ukikosa unavuka barabara, na hiyo mauzo imekufa, kukuomba elfu tano ni kukuudhi bure. Mzee tarehe 18 angeweza kusubiri siku tatu nne, sio nane. Swali la kumuuliza mteja sio "ulipie?", ni "unaihitaji mwisho lini?". Akisema tarehe 22 na wewe gari huna uhakika nalo, mwelekeze duka la tatu. Inauma ila mwakani anarudi.

Na hapo kwa bajaji, "anadhani nimesafiri", ndipo wenye maduka tunapopotea. Daftari la mauzo linaandika aliyenunua, aliyetoka mikono mitupu haliandiki. Mwaka jana nimeuza mifuko 200, mwaka huu naagiza 200, kumbe 200 ndio niliyokuwa nayo na iliisha tarehe 20 Novemba, waliokuja baada ya hapo sikuwahesabu. Kuna mwaka nilianza kupiga mstari ukutani kila anayeulizia kitu hakipo.

Dada_Kaunta

Samahani naomba niseme, mimi nauza duka kama hilo, sio hilo. Lawama zote zinatuangukia sisi. Bosi anakwambia mteja asitoke bila kulipa, ukisema hakuna unagombezwa kwanini umemwachia. Tarehe ya gari hatuijui, tunaambiwa "sema Jumamosi". Halafu gari likija watu wako mlangoni na hela mkononi wanasukumana, mwenye risiti yuko Inyala, utamzuiaje huyu aliyeko mbele yako? Na huo mstari ukutani nasi tulipiga, ilifika zaidi ya 90, bosi akaongeza oda, mzigo ukabaki.

Agroveti_Makambako

Dada umenena, na hiyo ya mistari ilinikuta pia. Mtu mmoja anazunguka maduka matano, kila duka linapiga mstari, mtu mmoja amekuwa watano. Wengine wanaulizia hiyo wanaondoka na nyingine, huyo hukumpoteza. Siku hizi naandika na alichofanya baadae, kachukua nyingine, kalipia kusubiri, au katoka. Waliotoka tu ndio nawaangalia, na hata hao siwaongezi wote kwenye oda.

KijanaWaKabwe

Na ile bei? Alilipa 14,000, mzigo umekuja 16,000. Mwenye duka ale hasara?

Stoo_Kubwa_Iringa

Aongeze 2,000. Bei ya jumla ikipanda kila mtu anapanda.

Mkulima_Inyala

Niongeze nini? Hela yangu ilikuwa kwao siku nane, ndio hiyo waliyoagizia mzigo! Mimi ndio nimewakopesha. Ningeshika 140,000 yangu ningechukua duka la tatu kwa 150,000 na saa hizi ningekuwa nawaza palizi.

Agroveti_Makambako

Kwa aliyelipa yote mimi nashikilia bei ya risiti hata ikinikata. Kwa aliyeacha advansi nusu bado nabishana na mke wangu, yeye anasema bei ya siku ya kuchukua na tuandike hivyo kwenye risiti, mimi naona mteja hasomi. Hapo sina jibu.

Mzee, usichukue hiyo ya ukanda wa chini kwa hasira. Kesho asubuhi ulizia Uyole pale wanaotafiti mbegu, waeleze uko Inyala na unapanda Desemba, wakwambie ipi inakomaa mapema kidogo na inastahimili baridi yenu. Risiti usiwaachie hao watu mpaka hela iko mkononi, wape kopi.

Mkulima_Inyala

Asante mkuu. Nimempata yule mama wa Igawilo, namba yake ilikuwa kwenye daftari. Kesho saa mbili tunaenda pamoja na risiti zetu, yeye mifuko yake miwili na mimi kumi, na bosi awe Dar au asiwe Dar hatutoki pale bila hela. Nikitoka hapo napitia Uyole.