Tupeane uzoefu: tangazo la nyumba ya kupanga linalovutia bila kuficha kasoro

Mama Segerea
Wakuu habari za leo. Kuna nyumba Segerea, vyumba viwili, kimoja masta, sebule na jiko, 250,000 kwa mwezi. Tangazo la kwanza lilisema "nyumba kali, maji masaa 24, umeme upo". Watu 12 wamekuja kuangalia, wote wameondoka kimya. Kasoro zipo: maji ya kisima yana chumvi, ukuta wa chumba kidogo una unyevu, na LUKU inachangiwa na nyumba ya nyuma. Nizitaje vipi bila kumfukuza mtu?

Dalali Mzoefu
Usitaje kitu dada. Mlete mteja kwanza, akishaona tailizi na gipsamu ataelewa mwenyewe.

Kijana wa Tabata
Wewe unatetea elfu kumi yako ya kumzungusha mtu. Hao 12 ndio hao wa kuona tailizi, wamelipa?

Dalali Mzoefu
Nauli yangu unalipa wewe?

Fundi Kombo
Tuache ugomvi. Huo ukuta, unyevu unaanzia chini au juu? Ukianzia darini na kuacha madoa ya kahawia, ni bati linavuja, hilo ziba kabla ya kutangaza. Ukianzia sakafuni ukaishia kwenye goti, rangi inabanduka na ukipangusa unabaki na unga mweupe kiganjani, maji yanapanda kutoka kwenye msingi. Hapo rangi mpya ni kujidanganya. Itang'aa kwenye picha, masika ikifika inavimba kama chapati, na mpangaji atajua ulipaka makusudi. Andika urefu wake na upande wake. "Ukuta una unyevu" mtu anawaza nyumba nzima imeoza; "upande wa bafu, hadi urefu wa goti" anawaza kabati aliweke wapi.

Mama Segerea
Ni wa chini, hadi goti kweli. Unga upo.

Mzee Chumvi
Maji ya chumvi si tatizo, achemshe tu chumvi inakwisha.

Bi Rehema
Mzee wangu, ukichemsha yanapungua maji, chumvi inabaki palepale, tena inakolea. Kinachoganda kwenye birika ni chokaa. Andika "maji ya kisima, yana chumvi, ni ya kufulia na kuoga, ya kunywa na chai hununuliwa". Sabuni haitoi povu vizuri, atagundua siku ya kwanza ya kufua. Na hiyo "masaa 24" ifute, umeme ukikatika pampu haipandishi. Taja ukubwa wa simtanki.

Mzee Chumvi
Mbona kwetu tulikuwa tunachemsha na yalikuwa matamu?

Kijana wa Tabata
😂😂 Kisima kingine hicho mzee.

Mhasibu wa Mtaa
Mimi hiyo LUKU ndiyo naiona kubwa kuliko ukuta. Mteja asiyezidi uniti 75 kwa mwezi anaweza kuwa kwenye bei ya chini. Nyumba mbili kwenye mita moja zinavuka 75 bila jasho, kwa hiyo wote wananunua kwa bei ya juu hata yule mwenye taa tatu na redio. Halafu tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, na hiyo ni ya mwenye nyumba. Fungeni mita ndogo ya kusoma matumizi ya kila upande, kisha mseme kodi ya jengo inarudishwaje. Bila hivyo hata tangazo liwe tamu vipi, mwezi wa pili ni kelele.

Bi Rehema
Picha: piga asubuhi, madirisha wazi, simu usawa wa kifua, usimame kwenye kona. Ile lenzi ya kupanua chumba iache, mtu anakuja na kitanda cha sita kwa sita kinagoma kuingia. Andika futi. Na huo ukuta upige picha moja ya karibu.

Ningeandika hivi:

"Segerea, dakika 9 kwa mguu toka kituoni. Vyumba viwili (masta futi 12 kwa 11, kidogo 10 kwa 9), sebule, jiko la ndani, fensi na geti. Upepo mzuri, madirisha pande mbili. Maji ya kisima, simtanki lita 1,000. Yana chumvi, ya kunywa hununuliwa. Chumba kidogo kina unyevu ukuta wa bafu hadi urefu wa goti, tazama picha ya 6. LUKU ya nyumba mbili, kila upande una mita ndogo. 250,000, miezi mitatu."

Hizo futi na dakika ni za kubuni, pima mwenyewe. Na mita ndogo usiiandike kabla haijafungwa.

Fundi Kombo
Kwa ukuta huo shusha iwe 230,000.

Dalali Mzoefu
Usishushe! Aliyekubali kasoro kwenye tangazo hana cha kupunguzia tena akifika.

Mama Segerea
Mita ndogo nafunga wiki hii. Bei bado nawaza.

Mgeni Mpya
Bado ipo? Nalipa mwezi mmoja mmoja, naweza kuja na mbwa?