Mrejesho: tangazo la chumba changu cha wageni Bigodi, kijiji kando ya msitu wa Kibale, Uganda

Niliuliza: “Nikitaja choo cha nje kwenye tangazo, wageni si watakimbia?”

Nimekitaja, wakuu. Maneno ya zamani, “Karibu sana na sokwe mtu”, nimeyafuta, nikaandika: “Kilomita 6 hivi hadi Kanyanchu, wanakoanzia matembezi ya kuwaona sokwe mtu, kibali unalipia kando. Choo ni cha shimo, hatua 20 kutoka mlangoni, tochi ipo. Maji ya kuoga tunachemsha kwa kuni, tuambie nusu saa kabla.” Picha ya choo ni ya tatu, sikuificha mwishoni.

Maombi yamepungua kidogo. Lakini zamani mgeni mmoja aliondoka usiku uleule akidai pesa zake. Wa juzi aliuliza tu tochi iko wapi, kisha akaomba matoke tena.