Tuzo si amri: acheni kutuambia hatujui sinema

Kila nikisema kwamba filamu iliyoshinda tuzo kubwa imenichosha, hutokea mtu wa kunijibu kuwa sijui sinema. Ukimuuliza mtu huyohuyo mshindi alipatikanaje, anababaika.

Tuchukue Oscar. Tangu filamu za mwaka 2009, mpiga kura wa filamu bora huzipanga zilizoteuliwa kuanzia ile aipendayo zaidi. Yenye kura chache za kwanza huondolewa, na karatasi zake huhamia kwa chaguo linalofuata, mpaka moja ivuke nusu. Wakiwa wapiga kura 100 na filamu tatu, ya kwanza ikapata kura 40, ya pili 35 na ya tatu 25, ya tatu itatoka. Kama 20 kati ya wapenzi wake waliweka ya pili katika nafasi inayofuata, na 5 wakaweka ya kwanza, ya pili inashinda kwa 55 dhidi ya 45, ingawa ya kwanza ndiyo iliyoongoza tangu mwanzo. Utaratibu huo huibeba filamu isiyowaudhi wengi. Mimi hupenda zile zinazogombanisha watazamaji, kwa hiyo orodha ya walioteuliwa hunifaa kuliko jina la mshindi, na sioni kwa nini nitukanwe kwa hilo.

Kwenye tamasha la filamu la Cannes nako huamua jopo dogo, kwa kawaida watu tisa, wanaojadiliana faraghani na kubadilishwa kila mwaka. Tuzo yao inanieleza kilichowaunganisha watu hao wachache mwaka huo. Haiwezi kunieleza kitakachonikosha mimi.

Mzee wa Pazia: Ndugu, unazidisha. Parasite ilishinda Cannes mwaka 2019 na Oscar mwaka uliofuata. Filamu nzuri ni nzuri, kura zipigwe vyovyote.

Bi Tikiti: Mzee, mfano wako ni wa kweli, ila filamu zilizopata tuzo kuu za pande zote mbili zinahesabika kwa vidole. Kinachoniudhi mimi ni alama za matawi ya matamasha zinazochorwa kwenye mabango ya filamu. Mtu akiona neno Cannes anadhani filamu ilishindania Palme d'Or, tuzo kuu ya huko, kumbe huenda ilionyeshwa nje ya mashindano, au katika Wiki ya Wahakiki, ambayo ina waandaaji wake na hushindanisha filamu za kwanza na za pili za waongozaji. Nikitaka sauti mpya, huanzia huko, nikijua nyingine zitakuwa bado mbichi.

Msomaji wa Usiku: Mimi ni mtu wa riwaya. Orodha ndefu ya tuzo ya riwaya ya Booker hunipa vitabu 12 au 13. Husoma kurasa chache za kila kimoja na kubaki na viwili. Je, niviache vile vingine?

Mzee wa Pazia: Dada, hapa tunazungumzia filamu. Na bado sijakubali kwamba mshindi wa Oscar ni chaguo la pili la watu.

Bi Tikiti: Hakuna aliyesema ni lazima awe hivyo. Hesabu za kura hazitangazwi, kwa hiyo hata wewe huwezi kuthibitisha kwamba sivyo.