Naomba ushauri: nimechagua kaya kwa bahati nasibu, sasa nyumba moja ina kaya tatu

Habarini wakuu. Tunafanya utafiti mdogo wa upatikanaji wa maji mtaani kwetu. Orodha ya mjumbe ina kaya 214, nami nahitaji 40. Niliziweka kwenye Excel, kila moja na namba yake, pembeni nikaandika:

```
=RAND()
```

Namba hizo hubadilika kila ukigusa karatasi, kwa hiyo nilizinakili na kuzibandika kama thamani tu, ndipo nikapanga kuanzia ndogo hadi kubwa. Arobaini za juu ndizo sampuli yangu.

Shida imeanza mtaani. Nyumba sita zilikuwa zimefungwa, na msaidizi wangu akahoji majirani badala yake. Nimezikataa fomu hizo, maana anayekutwa nyumbani saa nne asubuhi mara nyingi ndiye anayechota maji, na majibu yangeelemea upande mmoja. Nimepanga kurudi mara tatu, ikiwemo jioni na Jumamosi, kisha nichukue ya 41, 42 na kuendelea kwa mpangilio uleule. Ni sawa?

Linalonisumbua zaidi ni kaya namba 87. Orodha ina jina la mwenye nyumba tu, lakini wapo wapangaji wawili, kila mmoja na jiko lake. Nikihoji moja kwa kura, kila kaya pale ina theluthi tu ya nafasi waliyo nayo wengine. Nihoji zote tatu, au moja niihesabu mara tatu? Waliowahi kukutana na hili walifanyaje?