Afisa ustawi peke yake kisiwani: ajitoe kwenye shauri au kwenye kikoba?

Muulizaji: Kisiwa chetu kina afisa ustawi wa jamii mmoja tu, mimi. Mama mmoja amekuja kudai matunzo ya mtoto. Baba anayedaiwa ni mweka hazina wa kikoba chetu, na kikoba kinanidai laki nne. Nijitoe kwenye shauri au kwenye kikoba?

Kheri: Maadili yako wazi. Mteja asiwe mtu mnayejuana. Kabidhi faili leo.

Sada: Kheri, kwa kipimo hicho kisiwani hatabaki na mteja hata mmoja. Kujuana si kosa. Pima nani ana cha kukubania. Hapa mwenye daftari la deni lako ndiye utakayemchunguza. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, mahakama inaweza kukuagiza uandae taarifa ya uchunguzi kabla ya kutoa amri ya matunzo. Ukiandika kipato cha baba ni kidogo, mama atasema umenunuliwa kwa mkopo. Ukiandika ni kikubwa, baba atasema unamkomoa kwa sababu ya deni. Taarifa hiyo aiandike mwingine, hata kama deni utalilipa kesho.

Mwite mama, mweleze kwamba wewe na baba mko kikoba kimoja na unadaiwa. Andika kwenye faili alivyojibu, kisha mwandikie afisa ustawi wa wilaya. Mama akisema "nakuamini", usitulie. Huenda anasema hivyo kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Ila mtoto akilala njaa leo, au akipigwa, shughulikia mwenyewe bila kumsubiri mtu.

Mama Shufaa: Usitoke kikoba kabla ya mgao! Mimi nilitoka katikati ya mwaka, hisa zangu nimezungushwa mpaka leo.

Muulizaji: Pole, mama. Dada Sada, na tukikutana sokoni? Chuoni tulifundishwa tusimsalimie mteja mpaka aanze yeye.

Sada: Kwetu ukimpita mtu kimya ndipo watu wanapouliza kuna nini. Msalimie kama unavyowasalimia wenzake, ila ya mtoto usiyaguse. Mimi niliwahi kumuuliza mteja dukani, "Mtoto hajambo sasa?" Ile "sasa" ilitosha. Jioni mumewe alikuwa ameshajua mkewe alikuja ofisini kwangu, na yule dada hakurudi tena. Nilipaswa kuchunga ulimi wangu, na mpaka leo linaniuma.

Kheri: Kwenye taarifa nakubali. Lakini huyo afisa mwingine yuko ng'ambo ya maji. Nauli ya boti atalipa nani? Mama akiambiwa avuke mara tatu, shauri ataliacha, na baba atakuwa ameshinda.

Sada: Afisa ndiye avuke, si mama. Hivyo ndivyo ninavyoamini, lakini nimeomba nauli hiyo mara mbili na mara zote nimejibiwa fungu halipo.